Suruali inayokukaa vizuri ndiyo kipimo chako: kusoma namba ya kiuno na ya mguu

Kijana mmoja aliniletea suruali mbili ndani ya mfuko mmoja. Ya kwanza ilikuwa imepauka magotini, ameivaa miaka mitatu na haivui. Ya pili ilikuwa mpya, bado ina lebo, na zipu yake haipandi hata akivuta pumzi. Zote mbili zimeandikwa W32 L32. "Fundi," akaniuliza, "nimenenepa au nimeibiwa?"

Hakuwa amenenepa, kwa sababu ile ya zamani bado ilimkaa palepale. Wala hakuibiwa. Aliamini tu kwamba 32 ya lebo moja ni sawa na 32 ya lebo nyingine. Watu wengi wanaamini hivyo, na mimi ninayeshika futi kila siku naona hasara yake ikirudi mezani kwangu.

Tuanze na namba zenyewe. W ni kiuno, L ni urefu wa mguu wa ndani, yaani mshono unaoanzia msambani, pale mishono minne inapokutana katikati ya miguu, mpaka mwisho wa pindo. Zote mbili huhesabiwa kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo 32 ni kama sentimita 81. Mguu wa ndani mtu anaweza kuuamini kwa kiasi kikubwa, maana L32 ambayo haijafuliwa wala kukatwa huwa karibu na hizo sentimita 81. Kiuno ndicho kinachopotosha.

Chukua jinzi yako iliyoandikwa 32 uipime. Usishangae ukipata inchi 33, 34, hata 35. Sababu ni mbili. Kwanza, ile namba inataja mwili ambao mshonaji alikusudia kuuvisha, haitaji kitambaa alichokata, na kila kiwanda kina mawazo yake kuhusu mwili huo na nafasi ya kuuachia. Wengine huongeza kitambaa huku wakiacha namba ndogo, maana mnunuzi hufurahi kuingia kwenye namba ndogo. Pili, suruali nyingi za siku hizi hazikai kiunoni penyewe, pale mwili unapobonyea juu ya kitovu. Zinakaa chini yake, karibu na nyonga, na hapo mwili ni mpana zaidi. Mtu mwenye kiuno cha inchi 32 anaweza kuwa na 34 pale suruali yake inapokaa. Ndiyo maana mteja akiniambia "nimejipima kiuno mwenyewe nyumbani," namsikiliza, lakini namwomba pia aniletee suruali anayoipenda. Mtu mwenye tumbo hujipima juu ya tumbo, halafu suruali anaifunga chini ya tumbo. Suruali yenyewe inajua inapokaa.

Basi, tuipime. Itafute ile unayoivaa bila kuifikiria, uifue kwanza na uiache ikauke. Suruali iliyovaliwa siku nzima imelegea kiunoni na imejikunja magotini, kwa hiyo itakudanganya kote kuwili. Funga kifungo, funga zipu, ilaze mezani au sakafuni, upande wa mbele ukiwa juu. Kitanda hakifai kwa sababu kinabonyea.

Ukiitazama hapo utaona mkanda wa kiuno wa mbele umeshuka chini kuliko wa nyuma. Suruali imekatwa hivyo makusudi, ili nyuma ifunike mtu akikaa. Makosa mengi huanzia hapo: mtu anapitisha futi kwenye ukingo wa nyuma unaoonekana juu, au anakata moja kwa moja katikati ya bonde lile. Vuta mbele taratibu ipande mpaka kingo mbili zilaliane, nyoosha kwa kiganja bila kuvuta kitambaa, kisha pima kutoka pembe hadi pembe. Zidisha mara mbili. Kumbuka kwamba kosa lako nalo linazidishwa mara mbili: ukikosea sentimita moja mezani, umekosea mbili kiunoni, na hizo ni karibu namba nzima ya lebo.

Kuna suruali ambazo mkanda wake umekatwa kwa mpindo kufuata nyonga, na kingo zake hazikubali kulaliana. Hizo mimi nazifungua kifungo, nauweka mkanda wazi, kisha naisimamisha futi kwa ubavu wake ili ifuate mpindo kwa upande wa ndani. Naanzia katikati ya kifungo na kuishia kwenye ncha ya tundu lake, ile ncha ambayo kifungo hukaa suruali ikifungwa. Ukipima mpaka mwisho wa kitambaa utakuwa umehesabu na ile sehemu inayopandana, na kiuno kitakuja kikubwa kuliko kilivyo.

Mguu wa ndani ni rahisi zaidi. Laza suruali kwa ubavu, kunja mguu wa juu uurudishe nyuma, na mshono wa ndani wa mguu wa chini utabaki wazi mbele yako. Kandamiza ncha ya futi pale mishono minne inapokutana, kisha ufuate mshono mpaka ukingo wa pindo, ukilainisha mikunjo ya goti kwa kiganja njia nzima. Mikunjo hiyo ikibaki inakula sentimita nzima bila wewe kuona. Pima miguu yote miwili. Nimekutana na suruali nyingi ambazo mguu mmoja umezidi mwingine.

Sasa turudi kwa yule kijana. Suruali yake ya zamani, ikiwa imelala mezani, ilitoa sentimita 43.5. Mara mbili ni 87, yaani inchi 34 na kidogo, wakati lebo inasema 32. Ile mpya ilitoa 41.5, mara mbili 83. Tofauti ni sentimita nne kwenye mkanda, kwa kitambaa kigumu kisichovutika. Zipu ingepandaje?

Mguu wa ndani wa ile ya zamani ulikuwa 77.5, ambayo ni inchi 30 na nusu, wakati lebo inasema 32. Hapo nilimwonyesha pindo. Uzi wake ulikuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea, ilhali uzi wa mishono mingine ulikuwa umefifia kwa kufuliwa. Na ukingo wa chini haukuwa na ile michirizi myeupe ya kuchakaa ambayo jinzi ya miaka mitatu huwa nayo. "Hii ilikatwa," nikamwambia. Akakumbuka: aliipeleka kwa fundi miezi iliyopita baada ya pindo la mwanzo kuchanika. Kwa hiyo miaka yote akijitambulisha kama mtu wa mguu 32, kumbe anaupenda ukiwa 30 na nusu.

Suruali yake inayofuata basi anapaswa kuitafuta hivi. Kiuno cha kitambaa kiwe 87, na ikipungua au kuzidi sentimita moja haina neno. Lebo iandike 32, 33 au 34, hilo asilitazame. Kwa mguu, L30 ni sentimita 76.2, itamfupia kwa sentimita moja na ushee. L32 ni 81.3, itamzidi kwa karibu nne. Nilimshauri achukue 32 na kukata. Kurefusha kunategemea akiba iliyokunjwa ndani ya pindo, na kwenye jinzi akiba hiyo ni ndogo sana. Hata ikitosha, mstari wa pindo la zamani hubaki unaonekana kitambaa kikishafifia. Na asikate kabla ya kuifua mara moja au mbili, kwa sababu suruali ya pamba husinyaa, na husinyaa zaidi kwa urefu kuliko kwa upana.

Ukishapata namba zako, utahitaji kuzilinganisha na jedwali la muuzaji, na majedwali yapo ya aina mbili. Lipo linalotaja mwili wa mvaaji na lipo linalotaja kitambaa kilicholazwa. Tazama mchoro: ukiona umbo la mtu, ni vipimo vya mwili, ukiona suruali imetandazwa, ni vya kitambaa. Kama hakuna mchoro, soma safu ya 32. Ikiandika 81 au 82, inaelekea ni inchi zilizogeuzwa tu kuwa sentimita, kwa hiyo ni mwili. Ikiandika 86, ni kitambaa. Ikiandika 43, ni kitambaa kilicholazwa na hakijazidishwa bado. Vipimo vya suruali yako linganisha na vya kitambaa peke yake. Muuzaji akiwa na vya mwili tu, mwombe apime mkanda wa suruali yenyewe kwa namna niliyoeleza. Nimeona wauzaji wengi wakikubali wakiombwa kwa upole.

Kipimo kimoja zaidi nakiongeza kila mara, ingawa lebo haikitaji: kutoka msambani kupanda mbele mpaka ukingo wa juu wa mkanda. Hicho ndicho kinachoamua suruali itakaa wapi mwilini, na kikibadilika zile namba mbili nazo zinabadilika maana. Tuseme yako ina sentimita 29 na ile unayoitaka ina 26. Msamba ukikaa palepale, mkanda utashuka sentimita tatu, kwenye sehemu pana zaidi ya nyonga, na kiuno cha 87 kilichokutosha vizuri sasa kitakubana. Ikiwa ile unayoitaka ina sentimita 32 kwa kipimo hicho cha mbele, mkanda utapanda juu zaidi, au msamba utaning'inia chini. Ukining'inia, mguu wa ndani wenye urefu uleule utajikusanya juu ya viatu, kwa sababu unaanzia chini zaidi. Mteja huja akasema mguu ni mrefu na anataka ukatwe, kumbe mguu ni sawasawa. Mwambie avute mkanda juu kidogo. Pindo likipanda mahali pake, jua tatizo liko msambani, na kukata mguu hakutalitibu.

Kuhusu vitambaa vinavyovutika, angalia lebo ya ndani. Ikitaja elastani, hata asilimia mbili, usilinganishe suruali hiyo na ya pamba tupu. Yenye kuvutika inaweza kupungua sentimita tatu au nne mezani na bado ikakukaa vizuri kabisa, kwa sababu inamalizia nafasi yake mwilini. Kijana yule angechukua kiuno cha 84 chenye elastani, huenda zipu ingepanda. Nikampimia na suruali yake nyingine ya nyumbani, ya kuvutika, tukaandika namba zake pembeni kwenye karatasi ileile: 87 kwa kitambaa kigumu, 84 kwa cha kuvutika, mguu 77.5, mbele 28. Karatasi ameikunja ndani ya pochi. Ile suruali mpya ameirudisha dukani, lebo ikiwa bado inaning'inia.