Ofa imefika ila mshahara mdogo: unaombaje nyongeza bila kuipoteza kazi

Pale kwenye dawati letu la ushauri wa ajira hapa Mbeya, watu wengi huja baada ya kushajibu ofa, na hapo mi nabaki sina cha kuwasaidia zaidi ya kusoma walichoandika. Ndo maana leo naongelea zile siku chache tu kati ya ofa kufika na wewe kusaini, kwa sababu makosa karibu yote yanafanyika humo humo.

Nianze na jambo la kisheria ambalo hata wenye digrii hawalijui. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema ukikubali pendekezo la mtu lazima ulikubali lote, bila sharti. Kwa hiyo ukiandika "nakubali kazi ila mshahara uwe milioni moja", wewe unajua umekubali, kumbe kisheria hujakubali kitu, umeleta pendekezo lako jipya na lile la kwao umelikataa. Wakikujibu kwamba basi wamempa mwingine huna pa kulalamikia, na ukirudi mbio kusema "basi hata hiyo laki nane na nusu naichukua" hawalazimiki kukupa. Lakini ukiuliza tu kama kuna nafasi ya kuangalia upya mshahara, hilo ni swali, ofa ya kwao bado iko mezani. Tofauti ni ya maneno machache tu lakini ndo inayoamua kama una kazi au huna. Ila mjue pia, mpaka utakapojibu kwamba umekubali, mwajiri naye anaweza kuiondoa ofa yake, kwa hiyo swali liulizwe mapema na usisubiri siku ya mwisho.

Sasa tuchukue mfano, nimeuchanganya kutoka kwa watu wawili watatu niliowahudumia. Dada mmoja wa Mafinga, kasoma kilimo, anafanya kazi kwenye vitalu vya miche na anaishi kwa wazazi. Kampuni inayonunua parachichi Rungwe inampigia simu, wanamtaka awe afisa wa shambani, kituo Tukuyu, atumie pikipiki yake mwenyewe. Mshahara 850,000 kwa mwezi, posho ya usafiri 80,000, ajibu ndani ya siku 5. Akafanya jambo moja zuri sana, kwenye simu hakusema ndiyo wala hapana, alisema "asante sana mama, nimefurahi, naomba mnitumie kwa maandishi niisome vizuri nikupe jibu kabla ya Ijumaa". Hakuna mwajiri anayekasirikia hilo.

Alivyokuja kwangu alikuwa anataka aombe milioni moja kwa sababu ni namba nzima nzuri. Nikamwambia tukae kwanza tupige hesabu ya kinachoingia mkononi, maana namba ya kwenye barua siyo pesa utakayoiona. Kwenye 850,000, NSSF wanakata asilimia 10, yaani 85,000, inabaki 765,000 ambayo ndo inakatwa kodi ya PAYE. Kwa viwango vilivyopo, mtu wa kati ya 760,000 na milioni moja analipa 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, kwa hiyo yeye kodi yake ni 69,250. Alafu ana deni la bodi ya mikopo, wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapo ni 127,500. Ukitoa vyote unabaki na 568,250 (posho nimeiacha pembeni ili hesabu isituchanganye). Alinyamaza kidogo, akauliza "hivi hii ndo hela ya kupanga chumba na kula Tukuyu?"

Tukafanya hesabu hiyo hiyo kwa milioni moja ikatoka 647,000. Yaani mshahara umepanda 150,000 ila mkononi imeongezeka 78,750 tu. Kwa mtu wa ngazi hiyo mwenye mkopo wa bodi, kila shilingi 100 unayoongezwa unaiona kama 52 na nusu. Mi naona hii ndo hesabu muhimu kuliko zote, kwa sababu watu wanagombana na mwajiri kwa nyongeza ambayo nusu yake hawataiona, huku wanaacha vitu vingine ambavyo vingewaingia vyote.

Na vitu hivyo vilikuwepo. Tukachukua karatasi tukaandika kuhusu pikipiki. Kuzungukia wakulima vijijini alikadiria kilomita 60 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, hiyo ni kilomita 1,320. Pikipiki yake kwenye milima ile inakwenda kama kilomita 35 kwa lita, kwa hiyo ni lita 38 hivi, na tukichukulia lita ni shilingi 3,000 basi ni 114,000 kwa mwezi, hapo oili na tairi bado. Posho waliyompa ni 80,000. Maana yake kila mwezi 34,000 ya mafuta ya kampuni ingetoka kwenye mshahara wake. Na posho ya taslimu ambayo ni ile ile kila mwezi inaweza kuhesabiwa kama kipato ikakatwa kodi, ila mafuta ya kazi unayorudishiwa kwa risiti ni gharama ya kampuni, siyo kipato chako. Ili apate hiyo 34,000 kupitia mshahara, wangetakiwa wamuongeze karibu 65,000. Mwajiri mwenyewe akionyeshwa hivi anaelewa haraka, kwa sababu na yeye kila anapoongeza mshahara anaongeza asilimia 10 yake ya NSSF juu yake.

Kuhusu namba ya kuomba, aliwapigia watu wawili aliosoma nao wanaofanya kazi kama hiyo, mmoja yuko Njombe, wakamwambia wao wanapata kati ya laki tisa na milioni. Basi milioni ikapata miguu ya kusimamia. Kwa uzoefu wangu ukiomba kati ya asilimia 10 na 20 juu ya ofa watu wanakaa mnaongea, ukiomba mara mbili yake wanaona hukuisoma hata kazi yenyewe. Na sababu unayotoa iwe ya kazi, siyo ya nyumbani kwako. Kodi ya nyumba, wadogo zako wanaosoma, yote ni kweli, ila mwajiri hawezi kuyapeleka kwa bosi wake yakapita. Anaweza kupeleka "huyu ana miaka mitatu kwenye miche ya parachichi na anakuja na pikipiki yake".

Ujumbe aliotuma kwa imeili, baada ya kuusahihisha mara kadhaa, ulikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Nashukuru sana kwa ofa mliyonipa, kazi hii naitaka na niko tayari kuhamia Tukuyu. Nina maswali mawili kabla sijawapa jibu langu. Kwanza, kwa uzoefu wangu wa miaka mitatu kwenye miche ya parachichi, je kuna nafasi ya kuangalia mshahara ukafika 1,000,000? Pili, je mafuta ya pikipiki yanaweza kulipwa kwa risiti badala ya posho ya 80,000? Nimeambatanisha makadirio ya kilomita. Naweza kupiga simu kesho saa nne tuzungumze?"

Angalieni, hakuna neno "ila", hakuna "sharti", hakuna "vinginevyo". Maombi yote mawili yametoka kwa pamoja, na hapo nina uchungu wangu binafsi. Kazi yangu ya kwanza niliomba nyongeza ya mshahara wakanipa, nikarudi nikaomba nauli ya kuhama wakanipa, nikarudi tena kuhusu simu. Kazi nilipata, lakini yule menija wangu kwa mwaka mzima kila nikiomba kitu, hata ruhusa ya msiba, aliniangalia kama mtu asiyetosheka, na kiukweli mi ndo nilimfundisha kunihesabu hivyo. Kilichomuudhi haikuwa kiasi, ni kwamba kila alipodhani tumemaliza nilikuwa nafungua tena.

Kesho yake saa nne yule mama akamwambia "mwanangu, bajeti ya nafasi hii ni hiyo hiyo". Hapa ndo watu wanaanza kujieleza mno au wanasema "haya basi mama hamna shida". Yeye alijibu "nimekuelewa mama" akanyamaza. Sekunde kadhaa zile ni ndefu jamani, ila ukizijaza kwa maneno unakuwa unajipunguzia mwenyewe. Mama akasema ngoja niongee na mkurugenzi. Jioni wakarudi na 920,000 na mafuta kwa risiti, "hapo ndo mwisho wetu". Mkononi ni 605,000, na ile 34,000 haitoki tena mfukoni mwake. Alikubali jioni ile ile kwa maandishi, safari hii bila swali lolote. Ukishaambiwa ndo mwisho, jibu linalobaki ni ndiyo au hapana, kuomba tena baada ya hapo ndiko kunakochafua.

Alitaka pia kuwaambia kwamba kuna kampuni nyingine inamtaka, wakati haipo. Nilimkataza. Maafisa rasilimali watu wa huku wengi wanafahamiana, Mbeya, Njombe na Iringa ni simu moja tu, na wakikwambia "basi nenda huko" utajibu nini?

Kwa wanaosubiri ajira za serikalini niseme haraka tu, mshahara wa kuanzia unafuata ngazi, mambo haya hayapo, msipoteze nguvu.

Na kazi ya zamani hakuiacha mpaka mkataba uliposainiwa na pande zote mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, pamoja na malipo na stahili zako, kwa hiyo kilichokubaliwa kwenye simu kitafute kwenye karatasi kabla hujashika kalamu. Yeye alipoufungua, 920,000 ilikuwepo, mafuta hayakuwepo, bado imeandikwa posho 80,000. Hakuna aliyemdanganya, walitumia mkataba wa mwaka jana wakabadilisha jina na mshahara. Alipiga simu, "samahani mama, kifungu cha usafiri naona kimebaki cha zamani", baada ya saa moja ukatumwa uliorekebishwa, akaprinti pale Mafinga stendi akasaini, ndipo akaenda kumuandikia bosi wake wa vitalu barua ya kuacha kazi.