Kwa nini samaki wa Feri hukakamaa

Mnunuzi mzoefu katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, hushika kolekole kichwani na kumnyanyua. Samaki akibaki amenyooka bila kulegea, bei huanza kuzungumzwa. Wengi hudhani ukakamavu huo ni kazi ya barafu. Kumbe ni misuli iliyokwama kabla ya kumaliza kazi yake.

Ndani ya seli ya msuli mna nyuzi za protini zinazopishana: nyembamba za aktini na nene za miosini. Msuli ukijikunja, hakuna uzi unaofupika. Nyuzi nyembamba huteleza kati ya zile nene, kama makundi mawili ya watafiti yalivyoeleza mwaka 1954, kila moja kivyake. Kinachovuta ni vichwa vidogo vya miosini, vinavyofanya kazi kama wavuvi wanaovuta juya ufukweni: kushika, kuvuta, kuachia, kisha kushika mbele zaidi. Kila mvuto husogeza uzi nanomita 5 hadi 10 tu.

Kalsiamu ndiyo inayofungua njia. Msuli ukiwa umetulia, protini iitwayo tropomiosini hufunika sehemu za kushikia kwenye aktini. Neva ikiamuru, kalsiamu hutoka kwenye vifuko vya ndani ya seli na kunasa kwenye protini nyingine, troponini, nayo huisogeza tropomiosini pembeni. Amri ikikoma, pampu huirudisha kalsiamu vifukoni, kwa gharama ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli.

Tumezoea kuambiwa kwamba ATP ndiyo nguvu inayotumika kuvuta. Ni kweli, lakini nusu tu. ATP inapoingia kwenye kichwa cha miosini, kwanza hukiachisha aktini. Kisha huvunjwa kuwa ADP na fosfati, na kichwa hujiweka tayari. Kikishika tena, fosfati hutoka na kichwa huvuta; halafu ADP hutoka, na kichwa hubaki kimeng'ang'ania hadi ATP nyingine ifike.

Kwa samaki aliyekufa, haifiki. Oksijeni imekatika, akiba ya glaikojeni, sukari inayotengenezea ATP, inaisha, na kalsiamu inavuja bila pampu ya kuirudisha. Njia iko wazi, vichwa vinashika, na hakuna cha kuviachisha. Samaki aliyehangaika sana wavuni hukakamaa mapema, kwa sababu akiba yake aliimaliza akipigania uhai.

Baadaye hulegea tena, lakini si kwa sababu vichwa vimeachia. Vimeng'enya vimeanza kukatakata protini zinazoshikilia nyuzi. Kwa hiyo samaki mlegevu huenda amekufa sasa hivi, au amekaa muda mrefu. Hapo tazama macho na mashavu.

Kubanwa na msuli wa mguu usiku ni jambo jingine. ATP bado ipo. Kwa kawaida ni neva ndizo zinazoendelea kutuma amri, na ndiyo maana kuunyoosha msuli taratibu husaidia.