Kwa nini kukuza picha ndogo hakuongezi undani

Katika studio za picha na maduka ya uchapaji mjini Kigoma kuna ombi linalojirudia. Mteja analeta picha iliyopokewa kwa WhatsApp, ambayo tayari imepita kwenye simu za ndugu kadhaa. Anataka ichapwe kubwa ya kutundikwa sebuleni, kisha anaongeza: "Fundi, ikuze vizuri, hata lile jina la meli lisomeke." Picha inaonyesha familia imesimama bandarini, na nyuma yao MV Liemba imefunga gatini. Ombi hilo linatokana na imani kwamba jina limo ndani ya picha, ila ni dogo mno, na kwamba likikuzwa litajitokeza. Imani hiyo si sahihi, na sababu yake inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya shule ya msingi.

Picha ya kidijitali ni jedwali la namba. Kila chumba cha jedwali huitwa pikseli, na namba iliyomo inaeleza mwanga wa mahali hapo, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Picha ya rangi huwa na namba tatu katika kila chumba, yaani ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, lakini kwa maelezo haya namba moja inatosha. Jambo la kushika ni kwamba chumba kimoja hakina kitu kingine ndani yake. Hakina herufi iliyokunjwa wala mstari uliojificha. Kina namba tu.

Tuseme picha ya mteja wetu ina pikseli 480 kwa upana na 360 kwa kimo, na kwamba meli, inayoonekana ubavu mzima, imechukua pikseli 240 za upana huo. Liemba ina urefu wa mita 71 na kidogo, kwa hiyo ukigawanya utaona kwamba kila pikseli inabeba karibu sentimita 30 za ubavu wa meli. Sasa tuseme herufi za jina zimechorwa kwa kimo cha sentimita 40. Herufi nzima, kuanzia juu hadi chini, imepata pikseli moja na theluthi. Yale mabango ya taa yanayoandika maneno kwa nukta mbele ya maduka hutumia kwa kawaida safu saba za nukta kwa kimo cha herufi moja, na hapo herufi huwa imeandikwa kwa unyoofu wa hali ya juu. Herufi yetu haikupata hata robo ya nafasi hiyo.

Je, mistari ya herufi ilikwenda wapi? Ilichanganywa. Kamera inapopokea mwanga, na pia programu inapoipunguza picha ili itumike kwa urahisi, mwanga wote ulioangukia eneo la pikseli moja hugeuzwa kuwa namba moja, ambayo kwa kukadiria ni wastani wa vilivyokuwemo. Hebu tuangalie vipande vitatu vya ubavu wa meli, kila kimoja kikiwa na nukta nne:

```
200  40 200  40
 40  40 200 200
120 120 120 120
```

Kipande cha kwanza kina mistari myembamba ya weupe na weusi. Cha pili kina ukingo mmoja, giza upande huu na mwanga upande ule. Cha tatu ni rangi tupu ya kijivu isiyo na chochote. Ukitafuta wastani wa kila kipande utapata 120, 120 na 120. Vitu vitatu tofauti kabisa vimeacha namba ile ile moja, na anayeipokea namba hiyo hana njia ya kujua imetoka wapi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Picha kubwa zinazoweza kupunguzwa zikatoa picha ndogo ile ile ni nyingi mno kuhesabika. Ukikuza picha mara nne kila upande, kila pikseli ya zamani inadai kujazwa na pikseli 16, na namba 15 kati ya hizo hazipo popote kwenye faili. Hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kukokotoa kisichoachwa, kwa sababu majibu yote yanayolingana na namba iliyobaki yana haki sawa mbele ya hesabu.

Basi programu hufanya nini inapoambiwa ikuze? Inakadiria, na njia za kukadiria zinatofautiana. Njia rahisi kuliko zote hunakili namba ya jirani aliye karibu zaidi, kwa hiyo 120 moja huwa 120 nyingi zilizopangana, na picha hutoka na vijisanduku vinavyoonekana wazi kwa macho. Njia ya pili hutembea polepole kutoka namba moja hadi nyingine: kati ya 120 na 200 itaweka 140, 160 na 180. Vijisanduku hupotea, lakini kila ukingo hugeuka kuwa ukungu.

Njia ya tatu, ambayo programu nyingi za studio hupendelea, inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba undani umeongezeka. Badala ya kupiga mstari ulionyooka kati ya majirani wawili, inapitisha mkunjo kwa kuangalia namba nne zilizofuatana, mbili kila upande. Tuseme picha ndogo ina ukingo wa namba 40, 40, 40, 200, 200, 200. Aina moja ya kawaida ya mkunjo huo, ikiongeza nukta moja katikati ya kila jozi iliyo kwenye eneo la ukingo, inatoa hivi:

```
40  30  40  120  200  210  200
```

Angalia hiyo 30. Imezaliwa kati ya 40 na 40, mahali ambapo hapakuwa na kitu cheusi zaidi ya 40. Vivyo hivyo 210 imetokea kati ya 200 mbili. Mkunjo umezama kidogo kabla ya kupanda, na umepita kiasi kabla ya kutulia. Kwa jicho, upande wenye giza umekuwa na giza zaidi na upande wenye mwanga umeng'aa zaidi, kwa hiyo ukingo unaonekana mkali. Fundi na mteja wote hufurahi. Lakini ukikaribia utaona utepe mwembamba wa mwanga umezunguka vichwa vya watu na kingo za meli, utepe ambao hakuna aliyeuona bandarini. Picha ikiwa ni ya JPEG huongezeka tatizo lingine: muundo huo hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mipaka hafifu ya vipande hivyo ikikuzwa mara nne huanza kuonekana angani na kwenye ngozi za watu kana kwamba ni sehemu ya tukio.

Kuna pia zana mpya za akili mnemba. Hizi zimefunzwa kwa jozi nyingi za picha, kubwa na iliyopunguzwa, hadi zikazoea kitu cha namna gani hufuatana na namba za namna gani. Zikipewa kichwa chenye ukungu, huchora nywele. Zikipewa kitenge, huchora nyuzi na maua. Matokeo yake huweza kupendeza sana, na kwa picha ya kutundika ukutani sioni ubaya wowote. Ila nywele hizo zimetoka katika mazoea ya picha za watu wengine, hazikutoka kwenye kichwa cha huyu aliyesimama bandarini. Mwaka 2020 watu walijaribu programu iitwayo PULSE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, kwa kuipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi ikawa vijisanduku. Programu ilitoa uso safi, mkali, wa mwanamume mzungu. Uso huo ukipunguzwa tena unakaribiana na vijisanduku vilevile, kwa hiyo kwa kipimo cha programu yenyewe haukuwa na kosa.

Kwa jina la meli hatari ni ile ile. Zana inaweza kuchora alama zilizonyooka zisizo herufi za lugha yoyote, au ikachora herufi safi zisizo zenyewe. Hata ikitokea imeandika LIEMBA sawasawa, haitakuwa imelisoma kwenye pikseli moja na theluthi. Kwa sababu hiyo namba ya gari, sura ya mtu au tarakimu ya risiti iliyopatikana kwa kukuza picha ndogo haipaswi kamwe kutumika kama ushahidi, maana 8, 3 na B zikibanwa kwenye pikseli chache huacha namba zinazofanana mno.

Anayetaka kuhakikisha anaweza kufanya jaribio kwa programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP. Achukue picha kali ambayo upana na kimo chake vinagawanyika kwa nne, aipunguze hadi robo kwa `Image > Scale Image`, kisha aikuze irudi ukubwa wa awali. Ailaze juu ya ile ya mwanzo kama tabaka la pili, na aweke hali ya tabaka kuwa `Difference`. Palipo sawa patakuwa peusi, na palipotofautiana patang'aa. Anga na maji yaliyotulia hutoka karibu meusi, kwa sababu hayakuwa na undani wa kupoteza. Kope, nyuzi za kitenge na maandishi ndivyo hung'aa, na huo mng'ao ni kile kilichopotea ambacho ukuzaji haukukirudisha.

Kuna fundi anayebadilisha kwenye mipangilio namba ya nukta kwa inchi kutoka 72 kwenda 300 na kusema picha sasa ni ya ubora wa juu. Namba hiyo peke yake huiambia printa tu picha ienee kiasi gani kwenye karatasi. Pikseli zetu 480 zikitandazwa kwenye upande mrefu wa A4, wenye sentimita 29.7, zinatoa kama 41 za kweli kwa kila inchi, na hazitazidi hapo kwa kubadilisha maandishi ya mipangilio.

Undani wa kweli lazima utoke nje ya faili hiyo. Mara nyingi upo: simu iliyopiga picha bado ina faili la awali lenye pikseli maelfu kwa upana, na likitumwa WhatsApp kama hati badala ya picha hufika bila kupunguzwa. Kama chanzo ni picha ya karatasi, iskaniwe upya kwa nukta 600 kwa inchi badala ya kupigwa kwa simu juu ya meza. Na kama kuna video ya tukio lile, fremu zake nyingi husaidia kwa namna ambayo fremu moja haiwezi, kwa kuwa mkono unaotikisika huisogeza picha kwa sehemu ya pikseli, hivyo kila fremu hupima wastani wa eneo lililohama kidogo, na wastani kadhaa za namna hiyo zikiunganishwa huweza kutenganisha 40 na 200 zilizokuwa zimechanganyika. Njia hiyo nayo ina ukomo: inahitaji meli na watu wasiwe wamejongea, na haiwezi kupita ukungu wa lenzi yenyewe, wala haitafaa kitu ikiwa video nayo imebanwa sana kabla ya kumfikia fundi.