Herufi za mwanzo za majina: kinachohesabiwa ni nafasi

Ukipita soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi utaona magunia ya dagaa yamepangwa, na mengine yameandikwa herufi mbili tatu kwa wino: NM, SMB, AMSB. Hizo ni herufi za mwanzo za majina ya mwenye mzigo. Anayezifahamu anajua mzigo ni wa nani bila kusoma jina zima. Kwenye gunia zinaandikwa kwa mkono, lakini orodha ya wanachama mia mbili ikiwa kwenye Excel, karani hana sababu ya kukaa akichapa herufi za mtu mmoja mmoja. Fomula moja inatosha, hata kama orodha imechanganya watu wa majina mawili, matatu na manne.

Wengi wanaanza kwa kuandika fomula tatu tofauti, moja kwa kila idadi ya majina, kisha wanahangaika kuamua ipi iende kwa nani. Kazi hiyo haina ulazima. Tukitazama jina jinsi kompyuta inavyoliona, hakuna jina la kwanza, la baba wala la babu. Kuna mlolongo wa herufi, na katikati yake kuna nafasi. Kwa hiyo herufi za mwanzo ni herufi ya kwanza kabisa ya mlolongo, pamoja na kila herufi inayofuata baada ya nafasi. Majina mawili yana nafasi moja, matatu yana mbili, manne yana tatu. Kinachobadilika ni idadi ya nafasi tu.

Tuchukue jina la mfano, Shija Masanja Bulugu, likiwa kwenye kisanduku B2. Herufi S ni ya kwanza. Tukihesabu kutoka kushoto, nafasi ya kwanza inaangukia namba 6, basi herufi tunayoitaka iko namba 7, nayo ni M. Nafasi ya pili iko namba 14, basi ya 15 ni B. Tumepata SMB.

Kupata nafasi ya kwanza ni rahisi, kwa kuwa `FIND` husimama kwenye ile inayokutana nayo mwanzo. Ugumu uko kwenye ya pili na ya tatu. Hapo tunatumia `SUBSTITUTE`, ambayo hubadilisha alama moja kuwa nyingine na inakubali kuambiwa ibadilishe ya ngapi. Tunaiambia igeuze nafasi ya pili kuwa `#`, kisha tunaitafuta hiyo `#`:

```
=LEFT(B2,1)&MID(B2,FIND(" ",B2)+1,1)
&IFERROR(MID(B2,FIND("#",SUBSTITUTE(B2," ","#",2))+1,1),"")
&IFERROR(MID(B2,FIND("#",SUBSTITUTE(B2," ","#",3))+1,1),"")
```

Isome kipande kwa kipande. Mstari wa kwanza unatoa herufi mbili ambazo kila mwenye majina mawili au zaidi anazo. Wa pili unatoa herufi ya tatu, wa tatu unatoa ya nne. Kwa mtu wa majina mawili nafasi ya pili haipo, kwa hiyo `#` haiwekwi popote, `FIND` inashindwa kuipata, na `IFERROR` inaweka patupu badala ya kosa. Ndiyo maana fomula hiyohiyo inampa Neema Masanja NM na Anna Maria Shija Bundala AMSB.

Sehemu ya mwanzo sikuizungushia `IFERROR`, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Aliyeandikishwa jina moja tu atatoa `#VALUE!`, na karani anapaswa kuliona kosa hilo ili amtafute mtu huyo akamilishe jina. Mwenye majina matano, kwa upande mwingine, atapata herufi nne tu na la tano litaachwa kimyakimya.

Wenye Excel ya 365 au ya 2024 wana njia fupi, inayokata jina penye nafasi na kuchukua herufi moja kila kipande:

```
=CONCAT(LEFT(TEXTSPLIT(B2," "),1))
```

Ile ndefu naipenda zaidi kwa sababu inafanya kazi hata kwenye kompyuta zenye Excel ya 2007, na hizo bado ziko kwenye ofisi nyingi ndogo.

Kwa kuwa kila kitu kinategemea nafasi, makosa nayo karibu yote yanatoka hapo. Mtu akibonyeza nafasi mara mbili kati ya Neema na Masanja, jibu linatoka `N M`, lenye pengo katikati, na hilo utaliona kwa macho. Nafasi iliyotangulia mbele ya jina ni mbaya zaidi: jibu linaonekana NM, kumbe limeanza na nafasi, na ukilitafuta kwenye orodha halifanani na NM nyingine. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile inayokuja na majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa mtandao. Inafanana na nafasi ya kawaida, lakini kwa Excel ni alama nyingine, namba 160. Ikikaa kati ya Shija na Masanja, fomula inayaona kama jina moja na kutoa SB. Herufi zikipungua kuliko majina unayoyaona, shuku hiyo kwanza.

Dawa yake ni kusafisha kabla ya kukata. Jina ghafi likae A2, na kwenye B2 andika:

```
=UPPER(TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")))
```

`TRIM` inaondoa nafasi za mbele na za nyuma na kubakisha moja katikati, na `UPPER` inamsaidia aliyeandikwa kwa herufi ndogo.

Huku kwetu kuna majina yanayoanza na Ng', kama Ng'wandu. Kwa desturi tunachukua N peke yake, na fomula inafanya vivyo hivyo. Ila akiandikwa Ng' wandu, kwa kuachanisha, atapata herufi mbili, N na W, kwa jina moja. Maneno kama binti na Dkt. nayo yatahesabiwa kama majina, hivyo yaondolewe kwenye orodha mapema.

Kuna jambo ambalo fomula haiwezi kulijua. Hayati John Pombe Joseph Magufuli ana majina manne, na fomula ingempa JPJM. Lakini sisi tunaovuka kutoka Kigongo kwenda Busisi tunasema Daraja la JPM. Mazoea yameliacha jina la tatu, na mazoea ndiyo yanayotambulika. Kwa wanachama wa namna hiyo ninaweka safu ya pembeni, D, ambapo herufi wanazozitumia wenyewe zinachapwa kwa mkono na kushika nafasi ya zile za fomula.

Halafu kuna kugongana. Shija Masanja Bulugu na Sabina Magreth Bundala wote ni SMB, na magunia yao yakikaa pamoja hakuna wa kuyatenganisha. Herufi zikiwa kwenye safu C, hii inawaonyesha:

```
=COUNTIF(C:C,C2)
```

Palipo na 2 au zaidi, ongeza namba ya uanachama baada ya herufi: SMB14, SMB61. Namba hiyo iandikwe kwenye kaunta buku siku ileile, kabla gunia halijapigwa wino.