"Lakini Sikuitazama": Dhana Potofu Kuhusu Udanganyifu wa Mitihani

Kila msimu wa mitihani ya mwisho wa muhula nausikia utetezi uleule: "Mwalimu, karatasi nilikuwa nayo, lakini sikuitazama." Anayesema hivyo huamini kwamba kosa ni kunakili, na kwamba maadamu hakuna aliyemwona akinakili, hakuna kesi. Nimeketi kwenye kamati za kuchunguza udanganyifu chuoni kwa miaka kadhaa, na sijaona maneno hayo yakimwokoa mtu, kwa sababu anayeyasema amekwisha kukiri kosa analoshtakiwa nalo.

Kuingia na kitu kisichoruhusiwa ni kosa linalojitegemea. Kanuni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, zinahesabu miongoni mwa vitu hivyo maandishi yaliyokatazwa na simu ya mkononi, na hazidai ithibitike kwamba vilitumika. Sababu yake si ukatili. Msimamizi anayeangalia watahiniwa hamsini hawezi kuthibitisha macho ya mtu yalisoma nini, ila anaweza kuthibitisha alichokikuta mezani pake. Ndiyo maana hata simu iliyozimwa, ikikutwa mfukoni, inatosha kufungua jalada.

Nakumbuka kesi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili katika mtihani wa takwimu. Dakika arobaini baada ya kuanza, msimamizi alikuta kipande cha karatasi chenye fomula nne ndani ya mfuniko wa kikokotoo chake. Alikichukua, akamwita msimamizi mwenzake ashuhudie, akaandika saa kwenye kijitabu cha majibu, kisha akampa kijitabu kipya aendelee. Wengi hudhani kuruhusiwa kuendelea ni kusamehewa, kumbe ni kinga tu, ili mtu akionekana hana hatia asiwe amepoteza mtihani. Baada ya muda kwisha aliandika maelezo yake akatia sahihi: "Nilisahau kuitoa."

Wiki mbili baadaye, mbele ya kamati, alisema kikokotoo alikiazima na karatasi haikuwa yake. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani asiyejua alichobeba hana hatia sawa na anayejua, kwa hiyo tulimwita aliyetajwa kuwa mwenye kikokotoo na kulinganisha mwandiko wa karatasi na ule wa vijitabu vya majibu vya mshtakiwa. Mwandiko ulikuwa wake, na mwenzake alikana kumwazima kitu. Kilichommaliza zaidi, hata hivyo, ni yale maelezo ya siku ya kwanza. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu, hata wasipouliza: andika ukweli siku ileile, kwa kifupi, usiongeze chumvi, na ukiwa hukubaliani na taarifa ya msimamizi, liandike hilo palepale juu ya sahihi yako. Wala usiitafune karatasi, kama alivyofanya mwingine mbele ya macho yangu, kwani kuharibu ushahidi nako ni udanganyifu.

Wapo wanaodhani ukishatoka salama chumbani mambo yamekwisha. Wasahihishaji nao wana macho: watahiniwa wawili wakikosea swali moja kwa kosa lilelile la ajabu, hatua kwa hatua, vijitabu vyao hurudishwa kuchunguzwa. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya watahiniwa 337, na wanne kati yao hawakunakili chochote, bali waliandika matusi kwenye karatasi za majibu. Hilo nalo ni kosa la mtihani.

Dai kwamba bila video hakuna ushahidi halinichukulii muda. Kamati si mahakama ya jinai; hupima lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli, na taarifa ya wasimamizi wawili iliyoandikwa papo hapo ina nguvu.

Kuhusu adhabu, si kweli kwamba kila anayekamatwa hudisko, ingawa katika baadhi ya vyuo kufukuzwa ndiyo adhabu ya kawaida ya udanganyifu uliothibitika. Kwingineko kuna ngazi: onyo la maandishi, kufutiwa somo husika, kufutiwa mitihani ya muhula mzima, kusimamishwa masomo mwaka mmoja, kisha kufukuzwa. Anayemtuma mtu amfanyie mtihani asitarajie ngazi za chini, na jalada lake huweza kufika polisi.

Rufaa ipo, lakini haisikilizi huruma. Barua zinazofika mezani huzungumzia ada iliyolipwa kwa kuuza shamba na mama aliye mgonjwa, ilhali kinachoweza kubadili uamuzi ni utaratibu uliokiukwa: hukupewa mashtaka kwa maandishi, hukupewa nafasi ya kujieleza, au aliyekushtaki ndiye aliyeketi kukuhukumu.