Doa la Wino wa Peni: Maswali na Majibu kuhusu Usalama Wakati wa Kulitoa

Mbona doa la peni halitoki kwa maji na sabuni?

Wino wa peni umetengenezwa kwa rangi iliyoyeyushwa katika kimiminika chenye mafutamafuta, kwa hiyo maji peke yake hayauyeyushi. Kinachouyeyusha ni spiriti ile ya kusafishia ngozi, yenye nguvu ya asilimia 70 au zaidi.

Niitumieje kwenye shati la shule?

Fungua madirisha, zima jiko na kila chenye moto, kisha jaribu tone moja kwenye upindo wa ndani ili uone kama rangi ya kitambaa inachuja. Tuseme peni imevujia mfuko wa shati jeupe: ingiza kitambaa safi cheupe ndani ya mfuko, chini ya doa, kisha lowanisha kitambaa kingine kwa spiriti na ugongegonge doa taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati. Usisugue, kwa sababu kusugua hutawanya wino. Utaona wino ukihamia kwenye kitambaa cha chini. Kisogeze kila mara ili doa likutane na sehemu safi, na uendelee mpaka wino uache kuhama. Hapo ndipo unaposuuza kwa maji baridi na kufua kwa sabuni kama kawaida. Usipige pasi wala kukausha kwa joto kabla hujahakikisha kwamba doa limekwisha, maana joto huligandisha, na pasi ya moto juu ya nguo yenye spiriti inaweza kuwasha moto.

Na kwenye sofa?

Njia ni ileile, ila usimwage spiriti juu ya kitambaa, kwa kuwa itazama kwenye sponji na kuendelea kutoa mvuke. Lowanisha kitambaa tu, gongagonga, kisha upitishe kitambaa chenye maji.

Nikiongeza dawa ya klorini, si litatoka haraka zaidi?

Hapana. Usichanganye klorini na spiriti, hata kidogo, hata kwa dakika moja, kwa sababu mchanganyiko huo hutengeneza kemikali zenye sumu, ikiwemo klorofomu. Usiichanganye pia na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hapo hutoka gesi ya klorini inayounguza macho, koo na mapafu. Wagonjwa tunaowapokea hospitalini kwa sababu hii hawakukusudia kutengeneza sumu. Kila mmoja alitumia dawa moja, akaona doa limebaki, akaongeza nyingine juu yake bila kusuuza ya kwanza, tena ndani ya bafu lililofungwa. Naomba tabia hii ikome.

Nimeshatia klorini na doa limebaki. Sasa nifanyeje?

Suuza nguo kwa maji mengi, ubadilishe maji mpaka harufu ya klorini iishe kabisa, uianike mahali penye hewa na uiache ikauke. Spiriti isubiri siku nyingine. Ukiona sare imepauka mahali hapo, hakuna dawa itakayorudisha rangi, na kuongeza dawa nyingine kutaongeza hatari tu.

Nilichanganya, nikakohoa kidogo, sasa nina nafuu. Nisubiri nione?

Usisubiri. Gesi ya klorini inaweza kujeruhi mapafu bila dalili kali mwanzoni, kisha maji yakajikusanya ndani yake saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshalala akidhani yamekwisha. Toka nje mara moja na uwatoe wengine wote, hasa watoto na wenye pumu. Usirudi ndani kumwaga ndoo wala kuokoa nguo. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15. Kikohozi kisichokatika, kifua kubana, kupumua kwa shida, mluzi kifuani au kizunguzungu ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Mwenye pumu aende hata kama kikohozi ni kidogo. Narudia: nafuu ya nusu saa si ushahidi kwamba mapafu yako salama.

Nikinywa maziwa kwanza?

Maziwa huenda tumboni, ilhali gesi imeingia mapafuni. Hayaondoi chochote huko, na muda unaoutumia kuyatafuta na kuyanywa ndio muda uliopaswa kuwa njiani kwenda hospitali. Hatukatazi maziwa kwa ukali bila sababu, tunakataza kucheleweshwa.

Petroli au mafuta ya taa je?

Usitumie. Mvuke wa petroli husafiri sakafuni mpaka kwenye moto ulio mbali, na mtoto akinywa mafuta yaliyowekwa kwenye chupa ya maji, mapafu yake yanaweza kuumia. Ikitokea, usimtapishe, mpeleke hospitali.

Niende na nini hospitali?

Taja kila dawa uliyotumia na saa uliyoitumia, na kama zipo karibu nje ya chumba, chukua chupa zenyewe zikiwa zimefungwa, ili daktari asome lebo badala ya kukisia.