Tarski hakukataza sentensi kujitaja

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu aliyesomea falsafa: "Fumbo la mwongo lilishakwisha, Tarski alikataza sentensi kujizungumzia." Hapana, jamani. Fumbo lenyewe ni hili: "Sentensi hii si kweli." Ikiwa ni kweli, basi si kweli; ikiwa si kweli, basi ni kweli. Na Tarski, mwanamantiki wa Poland, hakulijibu kwa kukataza kujitaja.

Hesabu maneno: "Sentensi hii ina maneno matano." Yapo matano. Inajizungumzia, ni kweli, na mbingu haijaanguka. Badili "matano" iwe "sita", inakuwa uongo wa kawaida tu. Tena huwezi kuzuia kujitaja hata ukitaka. Mwaka 1931 mwanamantiki Gödel alizipa sentensi za hesabu namba, na kwa njia hiyo sentensi inayohusu namba ikaweza kusema jambo juu ya namba yake yenyewe. Ukitaka kulifuta hilo, utafuta pia kujumlisha na kuzidisha.

Anachokiondoa Tarski, katika kazi yake ya 1933, ni neno "kweli". Lugha tunayoizungumzia, tuiite ya ngazi 0, haina neno la kutaja ukweli wa sentensi zake. Neno hilo, "kweli-0", linakaa ngazi 1. Ukitaka kusema sentensi za ngazi 1 ni kweli, panda ngazi 2 utumie "kweli-1", na kuendelea.

Sasa mlete mwongo: "Sentensi hii si kweli-0." Angalia vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapita mbio. Sentensi hiyo imetumia "kweli-0", kwa hiyo ni ya ngazi 1. Kweli-0 ni sifa ya sentensi za ngazi 0 peke yake, basi yenyewe haina sifa hiyo. Ndivyo inavyosema! Kwa hiyo ni kweli-1. Imejitaja, imesema kweli, na mgongano haukutokea. Hakuna aliyeizuia kujitaja.

Kinachonisumbua mimi kiko kwingine. Mwanafalsafa Kripke, mwaka 1975, alitoa mfano huu: Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Ikulu ya Rais Nixon wa Marekani, aseme kila alichosema Nixon kuhusu kashfa ya Watergate ni uongo, naye Nixon aseme hivyo hivyo juu ya Dean. Kauli ya Dean lazima iwe ngazi ya juu kuliko za Nixon zote, na ya Nixon juu ya za Dean zote. Haiwezekani. Lakini kama Nixon alisema walau jambo moja la kweli kuhusu Watergate, sote tunaona mara moja kwamba kauli ya Dean ni uongo, bila kumuuliza mtu ngazi. (Tarski mwenyewe, kwa haki yake, alizijenga ngazi kwa ajili ya lugha za kimantiki. Hakudai kwamba sisi tunaongea hivyo.)

Halafu kuna hii: "Sentensi hii si kweli katika ngazi yoyote." Jibu la kawaida ni kwamba hakuna lugha ndani ya mpango inayoweza kusema "ngazi yoyote". Sawa. Ila mimi nimetoka kuwaeleza ngazi zote kwa Kiswahili, na sijui nilikuwa nimesimama ngazi ya ngapi.